Kuvuta kazi 7,200 kupitia API bila kupoteza hata moja

Skripti yangu ilikuwa ikifika ukurasa wa 40 hivi, seva inajibu 429, inakatika. Nikaweka sekunde moja kati ya maombi. Ikafika mwisho, ila kazi 31 hazikuwemo na nyingine zilijirudia.

Tatizo lilikuwa mpangilio. Nilipanga kwa tarehe ya kuhaririwa, mpya kwanza. Mwenzangu akihariri kazi ambayo sijaifikia, inarukia ukurasa wa kwanza nilioshaupita. Zilizokuwa juu yake zinasogea chini, na ya mwisho kwenye ukurasa naipata tena.

Nikaacha namba za kurasa, nikaomba zinazofuata kitambulisho cha mwisho:

```
?sort=id&after_id=48213&limit=100
```

Ikija 429, nasoma `Retry-After`, nasubiri sekunde hizo, kisha narudia ombi lilelile. Kitambulisho nakisogeza baada tu ya kuhifadhi ukurasa. Zote 7,200 zimeingia.