Nukuu Iliyokatwa Katikati

Mwaka ule nilitaka kuandika makala kuhusu sumukuvu kwenye mahindi, nikamtafuta mtafiti wa uhifadhi wa nafaka. Kabla ya kuwasha kinasa sauti nilimweleza gazeti lenyewe na lengo la makala, nikamwomba ruhusa ya kurekodi na kutaja jina lake. Alikubali kwa sharti moja: atajwe kama mtafiti anayetoa maoni yake, si msemaji wa taasisi. Nikaandika sharti hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Alizungumza vizuri sana. Alipogusia mlipuko wa ugonjwa wa sumukuvu wa Kenya wa 2004 alisema tu kwamba walikufa watu wengi. Idadi niliitafuta mwenyewe kwenye ripoti ya uchunguzi, nikaona wagonjwa 317 na vifo 125. Namba hizo nikazihusisha na ripoti, maana kumwekea mtu mdomoni takwimu ambayo hakuitaja ni kumzulia, hata kama takwimu ni ya kweli.

Jioni, baada ya kuandika, nilimpigia simu nikamsomea nukuu zake peke yake. Makala yote sikumsomea, kwa kuwa mle mlikuwa na maneno ya wakulima na wafanyabiashara ambayo hakuwa na haki ya kuyapitia. Kwenye unyevu wa mahindi ya kuhifadhi akanisimamisha.

"Nilisema kumi na tatu? Andika usizidi asilimia 13.5, ndicho kiwango."

Kinasa kilikuwa na kumi na tatu. Nikaiondoa sentensi ile kwenye alama za kunukuu, nikaandika kwa maneno yangu kwamba mtafiti, alipoulizwa tena kwa simu, alitaja kiwango cha asilimia 13.5. Msomaji akapata namba sahihi, na ndani ya alama hakukuwa na neno ambalo halikutamkwa.

Kazi ngumu ilikuja kwa mhariri wa zamu. Nafasi ilikuwa finyu, akakata nukuu hii: "Kuchambua punje zilizooza kunapunguza sumu, lakini punje inayoonekana safi nayo inaweza kuwa na sumu." Akabakiza nusu ya kwanza. Kila neno lililobaki lilikuwa la mtafiti, ila maana iligeuka: mama wa nyumbani angechambua mahindi yake, akaridhika, akasaga.

"Mzee," nilimwambia, "hivi hakusema. Ukikata hapo, tumtoe jina."

Nilimwekea kinasa akasikiliza. Kimya kidogo, kisha akauliza tufute nini badala yake. Nikampa aya yangu ya utangulizi, iliyosimulia safari ya kwenda ghalani. Niliipenda, lakini haikumfundisha mtu kitu. Akaifuta, akairudisha nukuu nzima, na chini yake akaongeza mwenyewe: "alisema mtafiti huyo, akisisitiza kuwa anatoa maoni yake binafsi."