Nilivyoandika maelezo ya picha ya wafanyakazi watano wa ofisi ya Mombasa mpaka tangazo likakubalika

Kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini ilitaka tangazo la ukurasa mzima lenye picha ya timu ya ofisi: watu wazima na vijana, wanawake na wanaume, Waislamu na Wakristo, wenyeji wa pwani, watu wa bara na Wahindi wa Mombasa. Picha ilikuwa itengenezwe kwa akili mnemba, kwa modeli ya Stable Diffusion XL niliyoiweka kwenye kompyuta yangu na kuiendesha kwa programu ya AUTOMATIC1111. Ninaandika jinsi nilivyoyapanga maelezo, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa humo, na mashine ilitoa kilichoandikwa.

Maelezo ya mteja yalikuwa sentensi moja tu, kwamba anataka timu mchanganyiko ya kisasa inayotabasamu. Sentensi kama hiyo ukiipa modeli hukuletea picha ambayo kila mtu ameshaiona: vijana warembo wenye umri mmoja, suti za kijivu, meno meupe yote nje, na watu wa kila rangi mmoja mmoja kama waliopangwa kwenye sinia. Modeli hujifunza kutokana na mamilioni ya picha zenye maelezo ya Kiingereza, na picha zilizoandikiwa kwamba ni timu mchanganyiko ofisini kwa kawaida ni picha za kuuzwa kwa matangazo, zilizopigwa studio za ughaibuni. Kwa hiyo neno la jumla halikusaidii kupata watu, linakusaidia kupata tangazo la mtu mwingine. Nililiondoa kabisa, pamoja na maneno ya sifa kama mrembo, nadhifu na wa kisasa, ambayo kila yakiingia ngozi hugeuka plastiki.

Badala yake niliwaandika watu watano, kila mmoja peke yake, nikijiuliza anafanya nini pale ofisini kabla ya kujiuliza anafananaje. Mhasibu mkuu ni mama wa miaka hamsini na minane aliyevaa buibui. Mzee wa nyaraka za forodha ana miaka sitini na kidogo, shati jeupe la mikono mifupi na kofia ya viua. Kijana anayefuatilia makontena bandarini ametoka bara, koti lake la reflekta amelitundika nyuma ya kiti. Msimamizi wa wateja ni mama wa Kihindi wa miaka arobaini na tano, na wa mwisho ni dada wa Kimijikenda wa miaka thelathini na nne, mwenye nywele za kusuka, ndiye anayesimamia usafirishaji. Kazi ikishajulikana, mikono inapata cha kushika na macho yanapata pa kutazama, na watu hawakodolei kamera wote kwa pamoja.

Umri ndio ulionichukua muda. Tarakimu peke yake haitoshi: ukiandika miaka hamsini na minane modeli hukupa ama mwanamke wa thelathini na tano mwenye ufito mmoja wa mvi, ama ajuza wa themanini. Inabidi uandike alama zinazoonekana. Hapo pana jambo ambalo ni rahisi kulipita, nalo ni kwamba nilipoandika makunyanzi tu kwa mtu mweusi, nilipata mistari mingi myembamba ya shavuni, kama iliyokopwa kwenye uso wa mzee wa Kizungu na kupakwa rangi. Mama zetu wa umri huo mara nyingi wana mashavu laini bado. Umri wao unauona kwenye mifuko midogo chini ya macho, kwenye mikunjo miwili inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo, kwenye nyusi zilizopungua na shingo iliyojaa. Niliandika hivyo, kwa Kiingereza, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo modeli hii inaielewa vizuri. Maelezo ya mhasibu yalikuwa haya:

```
58-year-old Swahili woman from Mombasa, full cheeks,
soft bags under the eyes, folds beside the mouth,
thin eyebrows, reading glasses, plain black abaya,
face uncovered, faded purple cotton headscarf
pinned under the chin, checking an invoice, mouth closed
```

Mavazi nayo yana mtego wake. Ukitaja buibui au hijabu bila kueleza zaidi, modeli huleta ama uso uliofunikwa kwa nikabu, ama vazi la darizi za dhahabu lenye sura ya mwanamke wa Ghuba. Ukitaja kofia ya viua kwa jina lake haiijui, na inaweza kukuvika chochote kuanzia tarbushi hadi kofia ya baharia. Kwa hiyo nilieleza kofia ya pamba nyeupe isiyo na ukingo, juu bapa, yenye matundu madogo ya kudariziwa. Nilitaja kitambaa kila mahali, kwa sababu kitambaa ndicho kinachobeba mikunjo. Shati la pamba la mtu aliyekaa tangu asubuhi lina mikunjo kwenye viwiko na mgongoni, na katika joto la Mombasa hata meneja huvua koti na tai kabla ya saa sita. Suti kamili tano ndani ya ofisi yenye feni ya dari zingemwambia msomaji wa hapa kwamba picha imetoka mbali. Mzee sikumvika kanzu, ingawa mteja aliipendekeza, kwa kuwa ofisi ile huiona kanzu zaidi siku ya Ijumaa, na sikutaka picha ilazimike kueleza kwamba siku yenyewe ni Ijumaa.

Tatizo kubwa la kiufundi ni kwamba sifa za mtu mmoja humwagikia wengine. Ukiwaweka watano katika aya moja, mvi za mzee zinamfikia kijana, miwani ya mhasibu inawavaa watatu, na zambarau ya mtandio inageuka rangi ya mapazia. Modeli haisomi kama sisi, kwamba kivumishi hiki ni cha nomino ile. Maneno yote yanaivuta picha nzima. Zaidi ya hayo, programu hii husoma maelezo kwa mafungu ya vipande sabini na vitano vya maneno, na maelezo marefu hugawanywa, pengine katikati ya maelezo ya mtu mmoja. Dawa niliyotumia ni kiendelezi kiitwacho Regional Prompter, ambacho hugawa picha katika safu wima na kumpa kila mtu safu yake, maelezo yakitenganishwa kwa neno `BREAK`. Haizuii kumwagika kabisa, lakini mvi zilibaki kwa mwenyewe.

Kisha nyuso. Nilitumia ukubwa wa pikseli 1344 kwa 768, ambao modeli hii inaumudu. Watu watano wakikaa mezani katika upana huo, uso mmoja unapata upana wa pikseli tisini hivi. Ndani yake modeli haichori pikseli moja moja, bali hufanya kazi kwenye picha iliyobanwa mara nane kila upande, kwa hiyo uso huo unabaki na miraba kama kumi na mmoja kwa upana, na jicho zima linaangukia mraba mmoja au miwili. Ndiyo sababu nyuso za watu wa nyuma hupinda na mboni hutazama pande mbili. Hakuna maneno ya kuondoa hilo. Nilikubali picha ya kwanza kwa ajili ya mkao, mwanga na nguo tu, halafu nikarudi kwa kila uso kupitia `Inpaint`. Nilipaka eneo la uso, nikachagua `Only masked` ili programu ichore uso huo peke yake kwa ukubwa kamili na kuupunguza baadaye, nikaandika maelezo ya mtu huyo tu. `Denoising strength`, kipimo cha kiasi ambacho sehemu iliyopakwa inabadilishwa, niliiweka kati ya 0.35 na 0.45. Chini ya hapo jicho lililopinda hubaki limepinda, ukizidi 0.6 anakuja mtu mwingine kabisa, na shingo haimjui.

Kujua kama nyuso ni za watu tofauti, usiitazame picha nzima, maana nguo na nywele hudanganya. Nilikata kila uso kuanzia nyusi hadi kidevu, nikazipanga tano kwa mstari. Dada wa Kimijikenda na kijana wa bara walitoka na pua moja na mdomo mmoja, kama ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo nywele za kusuka zilikuwa zimelificha. Nilimwandikia kijana uso mwembamba, paji pana, masikio yaliyochomoza kidogo na mwanya, nikauchora upya uso wake pekee.

Ngozi nyeusi ilihitaji mwanga, si rangi. Nilipoweka madirisha makubwa nyuma ya watu, modeli iliwafanya ama vivuli vya kijivu ama iliwang'arisha wote hadi wakawa maji ya kunde. Nilihamisha dirisha upande wa kushoto, mwanga uangukie mashavuni, na nikataja mng'ao mdogo wa paji la uso, ambao kila anayefanya kazi hapa anaujua.

Kabla ya kumpelekea mteja nilimwonyesha dada wa mapokezi katika jengo letu, bila kumwambia picha imetoka wapi. Aliiweka simu mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Kaka, huyu mama mtandio wake hauna pini. Akigeuka tu, umeanguka." Pini nilikuwa nimeiandika, lakini katika kuchora uso upya ilikuwa imefutika, na kitambaa kilikuwa kimeshikana chini ya kidevu bila chochote. Jicho langu lisingeliona hilo kamwe. Niliiandika tena na kupaka pale chini ya kidevu peke yake. Mambo mengine aliyoyaona yalikuwa madogo: kadi ya kazi yenye maandishi yasiyosomeka, niliyoigeuza upande wa nyuma, na sikio la mzee lililoungana na ukingo wa kofia.

Mteja aliporidhika alitaka chini ya picha paandikwe kwamba hao ndio wafanyakazi wake. Nilikataa. Watu hao hawapo, na mtu anayefika ofisini kuuliza yule mzee wa kofia atakuwa amedanganywa kwa pesa za tangazo. Tuliandika huduma na anwani, basi. Alipotaka tangazo la pili lenye watu walewale wakiwa bandarini, nilimweleza kwamba modeli hii haimkumbuki mtu iliyemchora. Hata ukihifadhi namba ya `Seed`, ambayo mchoro huanzia, na maelezo yote, ukibadilisha mahali tu sura nazo zinahama. Kwa tangazo hilo tulimwita mpiga picha, na wafanyakazi wake halisi waliotaka kupigwa wakatia saini ya ridhaa.