Picha za miche zilizokuwa zikirukaruka

Kila mwezi nilipiga picha shamba letu la miche, kutoka ardhi tupu hadi kivuli. Nilipoziunganisha ziwe video, mwamba wa nyuma ulirukaruka kama panzi. Mti hata hauonekani ukikua. Kosa langu: nilisimama kwa kukadiria tu.

Nilichimbia nguzo ya chuma, nikafunga kishikizo cha kamera, nikapiga saa ileile, lenzi ileile, mwanga nikiupanga kwa mkono. Zile za zamani nilizipandanisha kwenye kompyuta: ya juu naififisha asilimia 50, naizungusha mpaka miamba ilingane, kisha nakata kingo. Mbili zilikataa kabisa. Pengo lao nikalifunika kwa mahojiano ya bibi mmoja: “Hapa tulikuwa tukianika mahindi, jua kali!”