Fezi tatu za karakana, Tabora: mchawi alikuwa nyutro

Leo fezi ya bluu imetulia. Mashine ya kuchomelea ikiwashwa kwenye nyekundu, kushuka kidogo kwa nyekundu ni jambo la kawaida. Lakini bluu nayo ilikuwa inapanda, kutoka volti 231 hadi 235. Fezi moja ikizama huku nyingine ikiinuka, usilaumu laini, kamata nyutro.

Nilianza na mgawanyo kwanza. Randa ya mninga ina mota ya fezi tatu, inajigawa yenyewe, nikaiacha. Nyekundu ilikuwa na mashine ya kuchomelea na grainda, ampea 31 zikifanya kazi pamoja. Njano ilikuwa na kompresa, ampea 10, na bluu vitu vidogo, ampea 7. Klempu mita kwenye nyutro ilisoma 22 na ushee. Nikahamishia grainda bluu: 24, 10 na 14, nyutro ikashuka hadi 12 na ushee. Hapa nimezitenganisha kwa sababu kijana anasaga huku mimi nachomelea. Fundi akiwa peke yake, zikae fezi moja tu, haziwaki pamoja. Ampea za kibao cha mashine hazikuambii nini kinawaka na nini saa ileile.

Bluu bado ilipanda, ila kidogo. Hapo ndipo akili ikakaa sawa: mgawanyo ulikuwa unaficha ugonjwa. Nikapima volti kati ya nyutro inapotoka kwenye meni swichi na baa ya nyutro ndani ya boksi la breka, kazi ikiendelea. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Kabla ya kuhamisha grainda ingekuwa kama 9, sasa ilikuwa 5. Waya wa hatua moja unakula volti 5!

Nikazima meni, nikahakikisha kwa mita (bisibisi ya testa siiamini hata kidogo, nyutro iliyokatika inaidanganya), nikafungua. Fundi aliyefunga zamani alibana waya mbili chini ya skrubu moja, na ncha ilikuwa nyeusi kama mkaa. Ingeachia kabisa, vitu vya fezi yenye mzigo mdogo vingepokea volti kuelekea 400 na kuungua. Nimekata ncha, nikaweka lagi, kila waya na skrubu yake. Sasa pale nasoma sehemu ndogo ya volti.

Leo nilipanga kuvuta bomba la waya za randa. Halijavutwa. Nimeona transfoma ya mashine ya kuchomelea ina ncha ya volti 400! Ikifungwa kati ya fezi mbili, ampea 24 zinakuwa kama 14 kwenye kila fezi, na nyutro haiguswi kabisa. Inataka breka ya nguzo mbili, na kesho nikiipata mjini, randa itasubiri tena.