Nguruwe mwitu haruki ua, anaunyanyua: uzoefu wangu wa bustani ya nyuma ya nyumba, Muyuni

Kabla ya kununua hata msumari mmoja nilitaka kujua ni nani anayeingia. Huku kwetu Unguja Kusini wanaopenda muhogo usiku ni wawili, na dawa ya mmoja si dawa ya mwenzake. Panya buku anatoboa shimo pembeni mwa shina na kuula muhogo chini kwa chini. Mti unabaki umesimama na majani yake mabichi, mpaka siku unapouvuta ukaja mtupu. Ukiokota kipande alichobakisha unaona alama za meno yake, mikwaruzo miwili miwili myembamba.

Nguruwe mwitu hana haja ya kujificha hivyo. Anaupindua mti mzima, anafukua shimo la upana wa karai, anatafuna palepale na kuacha makapi yenye nyuzi yametapakaa. Kwenye tuta la viazi vitamu anapita kama trekta, tuta zima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwenye udongo mbichi anaacha kwato mbili mbili, na udongo ukiwa laini sana zinaonekana nyuma yake alama nyingine mbili ndogo za vikwato vya juu. Kwangu alikuwa yeye, tena hakuwa peke yake, kwa sababu nyayo zilikuwa za ukubwa tofauti. Hawa hutembea familia nzima, na dume mkubwa anaweza kuzidi uzito wa mtu mzima.

Bustani yangu iko nyuma ya nyumba, mita 25 kwa 20. Ina muhogo, viazi vitamu, tungule, migomba michache na mipapai. Nyuma yake ni maweni na vichaka vinavyoungana mpaka msituni, na huko ndiko wanakolala mchana. Zamani chui alikuwa akiwapunguza, lakini siku hizi chui wa Unguja ni wa kusimuliwa tu.

Majirani walikuwa wameshajaribu mengi, na mimi nilijifunza kwao. Shemeji yangu alifunga makopo kwenye kamba, akaweka na redio. Wiki ya kwanza nguruwe hawakuja. Baadaye walikula muhogo huku taarifa ya habari ikisomwa. Ami yangu alijenga dungu akawa analala huko na tochi. Hiyo inafaa, ila mtu wa umri wake hawezi kukesha msimu mzima, na usiku mmoja wa homa unatosha kupoteza shamba. Wasasi nao walikuja na mbwa wao, wakaua baadhi na kuwatawanya wengine. Ikapita miezi ya raha, kisha likahamia kundi jingine. Sisemi wasasi hawana kazi, nasema kwa bustani ya nyumbani huwezi kuwategemea kila mwezi.

Aliyenifungua macho ni ami huyohuyo. Tulikuwa tumesimama mbele ya ua wa makuti na nyavu kuukuu za kuvulia, ua mrefu kuliko mimi, ambao nguruwe walikuwa wamepita chini yake.

"Mwanangu, umeona juu pameguswa?" akaniuliza.

"La, ami. Juu pazima."

"Basi kwa nini unataka kujenga juu?"

Nguvu zote za nguruwe ziko puani na shingoni. Anapofika kwenye ua haanzi kwa kuruka. Anatembea pembeni yake akinusa chini, na akikuta mwanya wa kupitisha pua anaingiza, anakaza shingo na kunyanyua. Kikinyanyuka kidogo anaingiza kichwa, na kichwa kikishapita mwili wote unafuata. Ndiyo maana ua wa miti iliyosimamishwa moja moja haumzuii, wala ua wa mnyaa peke yake, kwa sababu chini kwenye mashina kuna nafasi. Waya wa kuku anauchana. Nyavu ya kuvulia haimpi hata kazi. Urefu unaofika kiunoni unamtosha, mradi sentimita 30 za chini ziwe imara kuliko sehemu nyingine yote.

Mahali penye mawe mengi, ukuta wa mawe makavu wa wazee ungekuwa bora kuliko chochote. Mashamba ya maweni huku kusini yamezungushiwa kuta hizo miaka na miaka. Lakini mzunguko wa bustani yangu ni mita 90. Ukuta wa kufika kiunoni, mpana chini na mwembamba juu, ungekula mawe kiasi cha kujaza malori, na mimi nilikuwa na mawe niliyoyang'oa bustanini tu. Nikaamua mawe yafanye kazi ya chini na waya ufanye kazi ya juu.

Nilinunua mabunda matatu ya wavu wa waya mnene, wa matundu ya mraba, kila bunda mita 30 na upana wa mita 1.2. Wavu haukusimamishwa wote. Sentimita 30 za chini nilizikunja kwa nje, zikalala juu ya ardhi kuelekea vichakani, na zilizobaki 90 ndizo zilizosimama. Huo ulimi uliolala ndio siri ya kazi nzima. Nguruwe anapokuja kuchimba karibu na ua anakuwa amekanyaga wavu uleule anaotaka kuunyanyua, kwa hiyo uzito wake mwenyewe unaushikilia. Juu ya ulimi nilipanga mawe, makubwa kwanza, kisha madogo ya kuziba nafasi. Katika ardhi ya mawe kama yetu njia hii ni nafuu kuliko kuuzika wavu, maana kuchimba mtaro wa mita 90 kwenye jiwe la matumbawe si kazi ya mtu mwenye akili timamu.

Nguzo ni za mvinje, moja kila mita mbili. Mashimo nilitaka yafike sentimita 50, na kila moja lilichimbwa kwa mtaimbo. Pale mtaimbo ulipogoma kabisa nilisogeza nguzo kidogo kushoto au kulia kutafuta mfuko wa udongo, na palipokosekana nilijenga rundo la mawe kuizunguka nguzo na kulifunga kwa saruji kidogo. Nguzo za pembeni zina mihimili ya mshazari, la sivyo waya ukivutwa zinalala ndani. Sehemu ya chini ya kila nguzo niliichoma moto mpaka ikawa nyeusi, kisha nikaipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa.

Wavu uliwekwa upande wa nje wa nguzo. Watu wengi wanauweka ndani ili ua upendeze ukitazamwa kutoka njiani, lakini nguruwe anasukuma kutoka nje. Wavu ukiwa nje anausukuma kwenye nguzo, ukiwa ndani anaung'oa pamoja na misumari. Mwisho nilivuta uzi mmoja wa seng'enge ya miba kwa nje, sentimita 15 kutoka chini, sawasawa na pua yake, na uzi mwingine juu kabisa. Ule wa chini humfanya arudi kabla hajakaza shingo. Asubuhi za mwanzo nilikuta manyoya yake magumu ya hudhurungi yamenasa kwenye miba, na tope limepakwa kwenye nguzo.

Mlango ndio ulionipa kazi kuliko vyote. Ua wote ukiwa imara na chini ya mlango pakawa na mwanya wa ngumi, kazi yote ni bure, kwa sababu nguruwe atazunguka mpaka aufikie. Nilijenga kizingiti cha saruji na mawe, na ubao wa mlango unakigonga kwa upande wa nje, kwa hiyo akiusukuma unazidi kukaza. Komeo liko chini, karibu na kizingiti. Komeo la juu pekee linaruhusu pembe ya chini ipinde.

Kisha inakuja masika. Maji yanayoteremka kutoka kwenye mawe huchimba kijito chini ya wavu, na usiku mmoja wa mvua kubwa unaweza kufungua njia ambayo nguruwe asingeweza kuifungua mwenyewe. Mahali maji yanapopita nimeweka mawe makubwa zaidi, yaliyoachana kidogo ili maji yapenye. Kila baada ya mvua nzito nauzunguka ua na fimbo, nachokoa chini kila hatua. Fimbo ikizama, pana kazi.

Nje ya ua nimefyeka ukanda wa mita mbili na kuufagia. Jioni napitisha fagio la njukuti, asubuhi nasoma. Mwanzoni nyayo zilikuwa zimezunguka pande zote, zikisimama mara kwa mara kwenye mlango. Baadaye zikawa zinafika upande wa vichaka tu na kugeuka. Wakianza kusimama tena mahali pamoja usiku hadi usiku, najua wameona udhaifu ambao mimi bado sijauona. Ukanda huo pia unawanyima kichaka cha kujificha wanapofanya kazi. Na maembe yaliyoanguka, au maganda ya muhogo, hayatupwi karibu na ua. Ukiwalisha nje ndiyo unawafundisha kuja.

Ikitokea nguruwe yumo ndani, usimfukuze na panga kwenye kona. Ana meno makali kama wembe, na jike mwenye watoto hana subira. Fungua mlango wazi, ondoka njiani kwake, piga kelele kutoka upande wa pili. Muhogo alioutia mdomo sisi hatuuli, huo unazikwa. Bi mkubwa wangu alikuwa na wasiwasi hata na mashimo yenyewe, mpaka anayeswalisha msikitini kwetu akamtoa shaka.

Mvinje hausimami milele hata ukichomwa. Kwa hiyo kati ya nguzo na nguzo nimepanda vipande vya mbono vya urefu wa mkono. Mbono unashika mizizi bila kubembelezwa na mbuzi haugusi. Mashina yakinenepa, wavu utafungwa kwayo nguzo zinapooza. Mwenye watoto wadogo awaonye, mbegu zake ni sumu.

Wavu huu haumzuii panya buku, yeye anapita chini ya mawe na dawa yake ni mtego. Wala haumzuii kima, anayepita juu kwa tawi. Mipapai yangu naifunika matunda kwa magunia yakianza kugeuka rangi, na matawi ya mwembe yaliyoning'inia juu ya ua nimeyakata. Viazi vitamu vya msimu uliopita nilivichimba mwenyewe.