Ninavyotunza seli tupu, alama za kurudia na vistari baada ya kuskani jedwali

Jedwali la zamani likitoka kwenye OCR, namba mara nyingi husomeka vizuri. Ninapotumia muda mwingi ni mahali pasipo na namba: seli iliyoachwa wazi, alama ya kurudia (〃) na kistari. Nikizigeuza zote kuwa seli tupu, nafuta mambo matatu tofauti ambayo mwandishi wa jedwali aliyatenganisha kwa makusudi. Alama ya kurudia si data inayokosekana hata kidogo. Ni thamani ya juu yake iliyoandikwa kwa mkato.

Chukua daftari la ghala lenye mistari mitano, safu ya idadi ya maboksi. Karatasi inaonyesha 42, kistari, seli tupu, 57, kisha 〃. Chini kuna jumla: 156. OCR imetoa 42, hakuna kitu, hakuna kitu, 57, na 11. Hiyo 11 ndiyo alama ya kurudia: vijistari viwili vilivyosimama vimesomwa kama moja na moja. Kwa macho haishtui, kwa kuwa ni idadi inayowezekana. Jumla ndiyo inayoifichua: 42 na 57 na 11 ni 110, pungufu kwa 46, ambayo ndiyo tofauti ya 57 na 11. Kwa hiyo kila seli yenye 11 peke yake naiangalia upya kwenye picha, hata pale jumla inapokubali.

Kabla ya hesabu yoyote, naandika msimbo wa wazi katika kila seli isiyo na namba, picha ikiwa mbele yangu: [R] kwa alama ya kurudia, [K] kwa kistari, [T] kwa seli tupu kweli, [X] kwa maandishi yaliyopo ila hayasomeki. [T] na [X] nazitenga kwa sababu OCR huruka wino hafifu, na seli iliyorukwa haifanani na seli ambayo haikuandikwa kitu. Safu yetu inakuwa 42, [K], [T], 57, [R]. Faili hili silibadilishi tena. Kazi inayofuata hufanyika kwenye nakala.

```python
import pandas as pd
d = pd.read_csv("daftari.csv", dtype=str, keep_default_na=False)
s = d["idadi"]
jaza = s.mask(s == "[R]").ffill()
hali = jaza.where(jaza.isin(["[K]", "[T]", "[X]"]), "namba")
namba = pd.to_numeric(jaza.mask(hali != "namba"))
```

Sehemu nyeti ni `ffill`. Hujaza kila pengo kwa thamani ya juu yake, kwa hiyo ukiiita kabla ya kuweka misimbo, wakati kistari na seli tupu bado ni mapengo, [K] na [T] zetu zote zitageuka 42 na hakuna onyo litakalotokea. Hapa mapengo pekee ni yale ya [R], maana `keep_default_na=False` inazuia pandas kugeuza seli tupu au neno kama NA kuwa pengo wakati wa kusoma. Kwenye `to_numeric` siweki `errors="coerce"`: nataka "4Z" isimamishe kazi, si ipotee kimyakimya.

Mistari isipangwe upya kabla ya hatua hii, kwani 〃 hutegemea jirani wa juu. Mstari wa kwanza wa ukurasa ukianza na 〃, thamani yake iko mwisho wa ukurasa uliotangulia, hivyo naunganisha kurasa kwanza. Kama 〃 iko chini ya [T], naisimamia kwa mkono. Mwandishi huenda alikusudia namba ya mwisho aliyoiandika.

Kinachobaki ni maana ya kistari. Maelezo ya alama mwanzoni au chini ya jedwali yakiwepo, yanamaliza shauri. Yasipokuwepo, jumla haisaidii, kwa kuwa sifuri na kukosekana vyote vinatoa 156. Wastani uliochapwa husaidia: 52 inaonyesha mwandishi aligawa kwa 3, yaani kistari hakikuhesabiwa, 39 inaonyesha aligawa kwa 4, na hapo nakisoma kistari kuwa sifuri na seli tupu kuwa nje ya hesabu. Naangalia pia kama safu hiyohiyo ina 0 zilizoandikwa. Zikiwepo, kistari huenda kina maana nyingine. Nisipopata ushahidi, `namba` inabaki pengo na `hali` inabaki [K], ili atakayekuja na ushahidi abadilishe vistari peke yake bila kugusa seli tupu.

Mwisho nahesabu mapengo ndani ya `namba`. Idadi yake lazima ilingane na [K], [T] na [X] zilizomo kwenye `hali`. Ikizidi, kuna [R] juu kabisa ya safu isiyo na cha kurudia, au seli tupu niliyosahau kuiwekea msimbo, na narudi kwenye picha ya ukurasa huo.