Akiba yangu ya ugenini: ipi niligeuza dhahabu na ipi nilituma

Wengi tunaofanya kazi nje ya nchi zetu tumewahi kusikia ushauri huu kutoka kwa mwenzetu wa chumba kimoja: usitume pesa nyumbani, itaoza huko. Nunua dhahabu, uende nayo likizo, uiuze ukifika. Nilipousikia nilikuwa na akiba iliyotokana na mkataba wangu wa kwanza, na sarafu ya nyumbani ilikuwa ikishuka. Ada ya mdogo wetu ilikuwa inakaribia na nyumba tuliyoianza ilikuwa imesimama kwenye linta. Sikuukataa ushauri wala sikuufuata papo hapo. Niliuliza maswali machache kwanza, na majibu ndiyo yaliyoniamulia.

Jambo la kwanza nililolitazama ni hofu yenyewe. Tunasema pesa inaoza nyumbani, lakini pesa yangu ilikuwa bado haijafika huko. Ilikuwa kwenye akaunti ninakofanyia kazi, katika sarafu iliyofungwa kwa dola. Sarafu ya nyumbani ikishuka wakati akiba iko katika sarafu hii, mimi sipotezi chochote. Siku nikiibadilisha nitapata noti nyingi zaidi za nyumbani. Hasara inaanza baada ya kubadilisha, pale fedha inapokaa bila kutumika. Kwa hiyo kinga dhidi ya kushuka kwa sarafu yetu nilikuwa nayo tayari, hata kabla sijakanyaga kwa sonara.

Dhahabu inaongeza kitu kingine, nacho ni kupanda na kushuka kwa bei yake yenyewe. Bei ya dunia hutajwa kwa dola kwa aunsi moja, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Januari 1980 aunsi ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa karibu dola 250. Mtu aliyenunua kileleni alisubiri zaidi ya robo karne kabla ya kuona tena dola zake, na thamani ya dola hizo ilikuwa imeshapungua. Mwaka 2011 ilipita dola 1,900, na kufikia Desemba 2015 ikawa chini ya 1,100. Baadaye ilipanda kuvuka viwango vyote hivyo, na ndiyo maana waliokuwa wakinishauri walizungumza kwa uhakika mkubwa. Sikuwabishia kwamba imepanda. Nilichotaka kujua ni kama ada ya shule inaweza kusubiri ikiwa nimenunua kwenye mwaka mbaya.

Hapo ndipo nilipoigawa akiba kwa kuangalia tarehe. Kuna pesa ambayo ina siku yake: ada, mafundi, dawa za mzee. Na kuna pesa ambayo haina siku, iliyowekwa kwa ajili ya miaka ijayo nitakaporudi moja kwa moja. Ya kwanza haiwezi kuwa dhahabu, kwa sababu siku ikifika utauza kwa bei yoyote utakayoikuta. Tena mkufu haukatwi nusu. Ukihitaji kiasi kidogo unalazimika kuuza wote.

Ilibaki pesa isiyo na siku. Kwa hiyo nilitaka kujua gharama ya safari nzima, kutoka mkononi mwangu hadi ikawa noti tena nyumbani. Nilikwenda kwa wauzaji kadhaa, na kila mmoja nilimuuliza swali lile lile: nikinunua kitu hiki sasa hivi na kukurudishia sasa hivi, utanipa kiasi gani? Ni swali jepesi, na linasema mengi kuliko bei iliyobandikwa kwenye kioo. Muuzaji mmoja alinijibu bila kusita, akanionyesha na hesabu. Mwingine alibadilisha mazungumzo akaanza kunisifia nakshi ya bangili. Kwake sikurudi.

Kisha nilimpigia dada aende kwa wanunuzi wa nyumbani awaulize wao wangelipa nini.

“Waulize wanalipaje gramu ya karati 22, dada, na kama wanakipokea kipande cha dhahabu safi kilichofungwa na kadi yake ya namba,” nilimwambia.

Alirudi na majibu ambayo kule nilikokuwa nisingeyapata. Wanunuzi wawili walimwambia kwamba kadi na kifungashio kwao si kitu: wangekifungua, wakisugue kwenye jiwe, waweke tindikali, halafu walipe kama dhahabu chakavu. Mmoja tu alikuwa na mashine ya kupimia usafi wa dhahabu, na huyo alitoa bei nzuri zaidi. Dada aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: wote walikuwa wakibadilisha bei ya dunia kwa kiwango chao wenyewe cha dola, kilicho chini kidogo ya kile cha benki. Yaani anayekimbia makato ya kubadilisha fedha kwa kampuni ya kutuma, anayakuta kwa mnunuzi wa dhahabu.

Niliandika hesabu kwenye daftari. Ili iwe rahisi nilichukulia kwamba gramu moja ya dhahabu safi ni dola 100, kwani kilichonihusu ni uwiano.

Mkufu wa gramu 20 wa karati 22 hauna gramu 20 za dhahabu. Karati 22 maana yake ni sehemu 22 kati ya 24, ndiyo maana unagongwa muhuri wa 916, yaani sehemu 916 kati ya 1,000. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 18.33, yaani dola 1,833. Sonara anaongeza ujira wa ufundi. Nilioupata ulikuwa kama asilimia 12, hivyo nalipa dola 2,053. Nyumbani mnunuzi halipi ufundi hata kidogo. Anapima uzito, anahesabu dhahabu iliyomo, anakata asilimia 5 yake, nami napata dola 1,741. Dola 312 zimeondoka, na bei ya dunia haijasogea. Ili nirudishe tu nilichotoa, dhahabu ingepaswa kupanda kwa karibu asilimia 18.

Kipande safi cha gramu 20, chenye muhuri wa 999.9, kilikuwa hadithi nyingine. Ziada juu ya bei ya dunia ilikuwa asilimia 3, hivyo dola 2,060. Yule mnunuzi mwenye mashine angekata asilimia 3, nikapata 1,940. Hasara ni dola 120, kama asilimia 6. Vipande vidogo vya gramu moja moja vilikuwa na ziada kubwa zaidi, kwa sababu kazi ya kukitengeneza na kukifungasha kidogo haipungui kwa kadiri uzito unavyopungua.

Na kutuma? Hapa wengi huangalia ada ya kutuma peke yake, na kampuni zinalijua hilo. Kama kiwango cha soko ni 100 kwa dola na kampuni inakupa 98, imeshakula asilimia 2 bila kuiita ada. Kwa dola 2,000 hizo ni dola 40. Ukijumlisha na ada ya dola 10, jumla ni 50, asilimia 2.5. Dola 200 zikitumwa peke yake kwa ada ile ile, jumla ingekuwa dola 14, asilimia 7. Wastani wa dunia wa gharama ya kutuma dola 200, kwa takwimu za Benki ya Dunia, umekuwa ukizunguka asilimia 6 kwa miaka ya karibuni, ingawa lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya 3 ifikapo 2030. Kwa hiyo badala ya kutuma vijisenti kila wiki, nilikubaliana na dada tuunganishe mahitaji na nitume mara chache.

Baada ya hesabu hiyo niliondoa vito kabisa kwenye mawazo ya akiba. Mkufu ni zawadi, na mama anastahili zawadi, lakini sikuuhesabu kama pesa. Pesa yenye siku niliituma kadiri siku zilivyofika, na iliyokuwa ikisubiri zamu yake niliiacha kwenye akaunti ya huku. Ile isiyo na siku niliigawa: sehemu kubwa ikabaki kwenye akaunti, sehemu ndogo nikanunua kipande cha gramu 20. Nilitaka kuwa na kitu kisichotegemea benki moja wala sarafu ya nchi moja, na kwa jambo hilo asilimia 6 nilikuwa tayari kuilipa, mradi nikae nacho miaka.

Kukinunua kulihitaji uangalifu. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo gramu 20 zikizamishwa kwenye maji husukuma maji ya gramu 1.04 hivi. Kipimo hicho kinakamata shaba na risasi. Hakikamati tungsteni, ambayo uzito wake ni 19.25, na ndiyo inayofichwa katikati ya vipande bandia. Jiwe na tindikali nazo hugusa ngozi ya juu tu. Kwa sababu hiyo nilichagua kipande kilichofungwa, chenye namba iliyochapwa kwenye dhahabu na kwenye kadi, nikahakikisha namba hizo zinafanana, na nikadai risiti yenye jina langu, uzito, usafi na namba ile ile.

Kabla ya likizo niliuliza forodha za nchi zote mbili kiasi kinachoruhusiwa, kwa sababu kanuni hutofautiana na nyingi huvitofautisha vito vinavyovaliwa na vipande safi. Kiwango cha vito hakikuhusu kipande changu hata kidogo. Nilikibeba mwilini, si kwenye sanduku la kupakiwa, na nilipofika nilikwenda kwenye dirisha la wenye vitu vya kutangaza nikaweka risiti mezani. Ofisa alisoma namba, akaandika, akanipa karatasi yenye muhuri. Mwenzangu mmoja alikuwa ameniomba nimbebee na chake. Nilikataa, nikamweleza kwamba risiti yenye jina lake mkononi mwangu isingetusaidia mimi wala yeye.

Kipande sasa kiko kwenye sanduku la benki, ambalo nalo lina kodi yake ya mwaka, na kodi hiyo nimeiongeza kwenye ile asilimia 6. Risiti na karatasi ya forodha ziko kwa dada, mbali na kipande. Tumekubaliana pia kwamba mkataba wangu usipoendelea, tutakula kwanza akiba iliyo kwenye akaunti. Kipande tutakigusa mwisho, na tukikiuza tutakwenda kwa yule mwenye mashine.